Nyama iliyolala na nyama iliyopevushwa: kwa nini steki ya wiki nne ni ghali kuliko ya leo?

Katika mabucha ya Kamembe, wilayani Rusizi, mnunuzi mara nyingi huuliza kwanza kama nyama ni ya leo, kisha ndipo huuliza bei. Mwenye bucha humwonesha paja lililoning'inia, ambalo pengine bado lina joto la machinjio, na mnunuzi huridhika. Nyama ya jana huitwa nyama iliyolala, na jina hilo si la kuisifu. Mahali ambapo kwa vizazi vingi nyama ilichinjwa alfajiri na kuuzwa bila jokofu, tahadhari hiyo ilikuwa na msingi: nyama iliyokaa usiku kucha katika joto la Bugarama, kwenye tambarare ya mpunga, haikuwa chakula cha kuaminika asubuhi iliyofuata.

Hata hivyo, ipo nyama ya ng'ombe ambayo hulazwa kwa makusudi kwa majuma matatu au manne, na ambayo mteja huilipia zaidi kwa sababu hiyo hiyo ya kulala. Huuzwa katika mikahawa ya steki ya miji mikubwa, na watu wa Rusizi walio na jamaa Ulaya au Amerika ya Kaskazini huenda wamesikia habari zake kutoka kwao. Tofauti kati ya nyama hiyo na ile iliyoharibika haitokani na idadi ya siku peke yake. Inatokana na baridi, hewa na unyevu, na jinsi vitu hivyo vitatu vinavyosimamiwa.

Kitendo chenyewe kinaweza kuitwa kupevusha nyama, kama tunda linavyopevuka kabla ya kuliwa. Kuna njia mbili. Katika kupevusha kwa ukavu, pande kubwa la nyama, likiwa na mfupa na mafuta yake, huwekwa wazi katika chumba cha baridi ambamo hewa huzunguka, nalo hupoteza maji polepole. Katika kupevusha kwa unyevu, nyama hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki ulionyonywa hewa yote na kufungwa kwa joto, kisha hukaa kwenye baridi ile ile ndani ya majimaji yake. Njia ya kwanza ni ya kale, kwani wachinjaji wa nchi za baridi walikuwa wakitundika nyama muda mrefu kabla ya umeme. Njia ya pili ilienea kuanzia miaka ya 1960 na 1970, mifuko isiyopitisha hewa ilipopatikana kwa wingi na viwanda vya Marekani vikaanza kusafirisha nyama ndani ya maboksi badala ya kusafirisha mizoga mizima. Leo sehemu kubwa ya nyama ya ng'ombe inayopevushwa duniani hupitia njia hiyo ya mfuko.

Kinachotokea katika siku ya kwanza

Ili kuelewa njia zote mbili, ni lazima kuanzia machinjioni. Mnyama anapokufa, misuli yake haifi papo hapo. Huendelea kutumia akiba yake ya sukari, iitwayo glaikojeni, lakini sasa bila oksijeni, na matokeo yake ni asidi ya laktiki. Kipimo cha asidi, yaani pH, ambacho katika mnyama aliye hai hukaribia 7, hushuka hadi kama 5.5 au 5.6 ndani ya takriban siku moja. Wakati huo huo nguvu iliyokuwa ikiiruhusu misuli kujikunja na kujikunjua humalizika, nyuzi zake hushikana zisiweze kuachana, na nyama hukakamaa. Kwa ng'ombe ukakamavu huo huanza saa kadhaa baada ya kuchinjwa na hufikia upeo wake karibu na mwisho wa siku ya kwanza.

Hapa pana jambo ambalo huenda likamshangaza mpenzi wa nyama ya leo. Nyama ya ng'ombe inayochinjwa alfajiri na kupikwa jioni huliwa katika saa zile zile ambazo ni ngumu kuliko wakati mwingine wowote. Mpishi wa Rusizi amelijua hilo kwa mikono yake, hata kama hakupewa maelezo. Ndiyo maana nyama ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi kabla ya kuungwa, au hukatwa vipande vidogo kwa ajili ya mishikaki, ile ambayo wengi huko huiita brosheti.

Baada ya siku hiyo ya kwanza, kazi nyingine huanza. Ndani ya misuli mna vimeng'enya, yaani protini zinazokata protini nyingine. Maarufu kati yake ni kalpaini, ambavyo huamshwa na madini ya kalsiamu yanayovuja ndani ya seli zilizokufa. Kalpaini hukata viungo vidogo vinavyoishikilia misuli kama pini zinavyoshikilia mnyororo. Nyuzi zenyewe hubaki, lakini mahali pa kuungania hulegea, na jino hupita kwa urahisi zaidi. Sehemu kubwa ya ulaini hupatikana katika siku 14 za mwanzo. Kuanzia hapo hadi siku ya 28 nyama huendelea kulainika, lakini kwa mwendo mdogo zaidi, na baada ya hapo faida ya ulaini ni ndogo mno.

Vimeng'enya hivi vina mipaka yao. Haviwezi kuyeyusha vya kutosha kolajeni, ambayo ndiyo kano na utando mweupe unaofunga misuli ya mguu na shingo. Kwa hiyo kuipevusha nyama ya muundi wa ng'ombe mzee ni kupoteza muda, kwa kuwa ugumu wake hauko kwenye nyuzi bali kwenye utando, nao hulainishwa na maji ya moto na saa tatu za jikoni. Kinachostahili kupevushwa ni mnofu wa mgongoni, ule wa mbavu na sarara ya kiunoni, ambao mnyama huutumia kidogo na ambao hupikwa kwa moto mkali wa dakika chache.

Aina ya ng'ombe nayo ina sauti katika jambo hili. Ng'ombe wa jamii ya zebu, wenye nundu, wana kiasi kikubwa zaidi cha protini inayozuia kalpaini kufanya kazi, hivyo nyama yao hulainika polepole kuliko ya ng'ombe wa Ulaya. Ankole wenye pembe ndefu ni wa kundi la sanga, mchanganyiko wa kale wa zebu na ng'ombe wasio na nundu kubwa, nao wamechanganywa tena na Frisia katika mazizi mengi ya Rwanda. Mchinjaji hawezi kuchukua idadi ya siku iliyoandikwa kwa ng'ombe wa Skotlandi akaitumia bila kuipima kwa nyama iliyo mbele yake.

Mambo mawili yanayoharibu kazi kabla haijaanza

La kwanza ni uchovu wa mnyama. Ng'ombe aliyetembezwa mbali kupanda na kushuka milima, au aliyebanwa kwenye lori usiku kucha bila maji, hufika machinjioni akiwa amekwisha tumia glaikojeni yake. Akichinjwa katika hali hiyo, misuli haina sukari ya kutosha kutengeneza asidi, na pH hubaki juu ya 6. Nyama yake huwa nyeusi-nyeusi, hunata kidole inapoguswa, na haitoi majimaji. Nyama ya namna hiyo huharibika mapema, kwa sababu asidi ndiyo iliyokuwa ulinzi wake wa kwanza dhidi ya bakteria, na ndani ya mfuko usio na hewa inaweza kugeuka kijani na kutoa harufu ya mayai mabovu. Haifai kupevushwa kwa njia yoyote. Tiba yake hutangulia kisu: mnyama apumzishwe, anyweshwe maji, asipigwe.

La pili ni baridi inayokuja mapema kupita kiasi. Mtu anaweza kudhani kwamba nyama ikitiwa kwenye friza mara tu baada ya kuchinjwa itakuwa salama zaidi na bora zaidi. Kwa ng'ombe si hivyo. Misuli ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kabla ya kukakamaa, hujikunja kwa nguvu nyingi na kubaki imejikunja, na ugumu unaotokana na hilo hauondolewi kikamilifu na majuma ya kupevusha. Kipande chembamba kilichokatwa kingali cha moto ndicho kinachopatwa zaidi, kwa kuwa baridi hukiingia upesi. Njia ya busara ni kuuacha mzoga, au robo yake, upoe hatua kwa hatua ukiwa bado kwenye mifupa, ili ufike karibu na nyuzi 4 baada ya siku moja au zaidi kidogo. Mifupa huizuia misuli kujikunja, na unene wake hupunguza kasi ya baridi.

Nchini Rwanda mamlaka ya ukaguzi na ulinzi wa mlaji, RICA, imekuwa ikisisitiza kwamba nyama ipoozwe kabla ya kufika kwa mnunuzi. Lengo la kwanza la agizo la namna hiyo ni usafi na afya, lakini nyama iliyopoozwa vizuri kwa siku moja au mbili tayari imeanza safari ya kulainika.

Chumba kikavu na mfuko

Tuingie sasa katika chumba cha kukausha. Baridi yake huwa kati ya nyuzi 0 na 4. Ikizidi hapo, bakteria hushinda vimeng'enya; ikishuka chini ya sifuri, nyama huganda na kazi husimama. Unyevu wa hewa hushikiliwa kati ya asilimia 75 na 85, na feni hupeperusha hewa taratibu pande zote za nyama, ambayo hutundikwa au kulazwa juu ya waya, kamwe si juu ya ubao au sahani. Anayefikiria kazi hii Rusizi akumbuke kwamba hewa ya kando ya Ziwa Kivu huwa na unyevu mwingi wakati wa mvua, na kila mlango unapofunguliwa hewa hiyo huingia.

Unyevu ndio unaohitaji jicho la kila siku. Ukipanda, uso wa nyama hubaki umelowa na kupata utelezi, ambao ni dalili ya bakteria. Ukishuka sana, uso hukauka haraka na kuwa gamba gumu, huku uzito ukipungua kupita hesabu. Mambo yakienda sawa, baada ya siku kadhaa nyama hujengewa ganda jeusi-jekundu, kavu, lisilonata, na ndani yake mnofu hubaki mwekundu na wenye unyevu wa kiasi. Ukungu mweupe unaweza kuota juu ya ganda hilo. Wachinjaji wazoefu hawauogopi, kwa sababu hukatwa pamoja na ganda. Ukungu mweusi, wa kijani au mwekundu ni habari nyingine, na harufu ya amonia au ya kitu kilichooza haina mjadala: kipande hicho hutupwa. Harufu inayotakiwa hufanana na ya njugu zilizokaangwa au jibini kavu.

Katika majuma hayo mambo matatu hutokea kwa pamoja. Vimeng'enya hulainisha nyuzi, kama ilivyoelezwa. Maji hutoka, na ladha iliyokuwa imetawanyika hukusanyika katika nyama iliyobaki. Na protini zinazokatwa-katwa huacha vipande vidogo, miongoni mwao glutamati, ambayo ndiyo inayoupa mchuzi mzito wa nyama utamu wake wa chumvi-chumvi usio wa sukari, huku mafuta nayo yakibadilika kidogo kwa kukutana na hewa. Nyama hiyo inapowekwa juu ya chuma cha moto, hupata rangi ya kahawia upesi, kwa kuwa uso wake hauna maji mengi ya kukauka kwanza.

Ndani ya mfuko mambo ni rahisi zaidi. Vimeng'enya ni vile vile, baridi ni ile ile, kwa hiyo ulaini hupatikana karibu sawasawa. Majaribio mengi yaliyolinganisha njia hizi mbili hayakuona tofauti ya kudumu katika ulaini pale nyama ilipokaa siku zile zile. Kinachotofautiana ni ladha. Nyama ya mfukoni haipotezi maji hewani wala haikutani na oksijeni, hivyo hubaki na ladha ya nyama mbichi, pengine yenye ukali kidogo wa asidi na ya chuma. Si ladha mbaya, na wapo wengi wanaoipendelea. Mtu asiyezoea nyama iliyokaushwa anaweza hata kuiona ile ya wiki nne kuwa na harufu nzito, na baada ya siku 45 au 60 uzito huo huwashinda hata baadhi ya mashabiki wake.

Mfuko unapofunguliwa, nyama huonekana ya zambarau, na huwa na harufu ya kufungiwa. Hali hiyo isimtishe mtu. Ikiachwa hewani kwa muda wa nusu saa hivi, rangi hurudi kuwa nyekundu na harufu huondoka. Harufu isiyoondoka, mfuko uliovimba kwa gesi kabla ya kufunguliwa, au majimaji yenye utelezi ni dalili kwamba bakteria wamefanya kazi yao. Ikumbukwe pia kwamba wapo bakteria, kama Listeria, wanaoweza kuongezeka hata kwenye baridi na pasipo hewa, ndiyo maana usafi wa kisu, meza na mikono kabla ya kufunga mfuko hauwezi kufidiwa na mfuko wenyewe.

Kwa Rwanda mfuko una swali la ziada. Nchi hiyo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza sheria dhidi ya plastiki zinazotumika mara moja. Kazi zinazohitaji plastiki kwa sababu maalumu huombewa kibali, na mamlaka ya mazingira, REMA, ndiyo ya kuulizwa. Mwenye bucha anayetaka kununua mashine ya kunyonya hewa afanye ulizo hilo kabla ya kutoa fedha zake.

Hesabu ya bei

Bei ya nyama kavu huelezwa mara nyingi kana kwamba ni ya fahari tu. Hesabu inaonesha vinginevyo. Tuchukue pande la mgongoni lenye kilo 10, pamoja na mfupa na mafuta, na tuseme mwenye bucha amelinunua kwa faranga 8,000 kwa kilo. Bei hiyo ni ya mfano wa hesabu, na msomaji anaweza kuweka ya soko lake. Pande lote limemgharimu faranga 80,000.

Akilitia mfukoni kwa siku 21, litapoteza majimaji machache, tuseme gramu 200, na atakapolisafisha ataondoa gramu 300 nyingine. Anabaki na kilo 9.5 za kuuza, na kila kilo imemgharimu faranga 8,421.

Akilikausha kwa siku 28, maji yanayopotea hewani yanaweza kuwa asilimia 12, yaani kilo 1.2. Kisha huja kisu. Ganda lote halifai kuliwa kama steki, na pamoja na mafuta yaliyokauka linaweza kuwa kilo 1.8. Zinabaki kilo 7. Faranga 80,000 zikigawanywa kwa kilo 7, kila kilo ni faranga 11,429. Kabla ya kulipa umeme wowote, nyama imekwisha panda kwa zaidi ya theluthi moja, na sababu ni kwamba kilo tatu kati ya kumi zilizonunuliwa hazitauzwa.

Kisha kuna chumba. Mifuko hupangwa juu kwa juu ndani ya boksi katika jokofu lolote lenye baridi ya kuaminika. Sehemu yake ya gharama, pamoja na mfuko, tuiweke faranga 3,500 kwa kila pande. Hiyo ni kama faranga 368 kwa kilo, na jumla inafika 8,789. Nyama ya kukaushwa haiwezi kupangwa hivyo, kwa sababu hewa lazima ipite kila upande. Tuseme chumba chenye nafasi ya mapande 20 hugharimu faranga 300,000 kwa mwezi kwa umeme, usafi na mtu wa kukisimamia. Kila pande linabeba faranga 15,000, ambazo ni faranga 2,143 kwa kila kilo inayouzwa. Gharama sasa ni 13,572.

Mwisho kuna hasara. Pande moja kati ya ishirini likipata ukungu mbaya na kutupwa, yaliyobaki kumi na tisa hulilipia. Mwenye bucha ametumia jumla ya faranga 1,900,000 na ana kilo 133 za kuuza, yaani faranga 14,286 kwa kilo. Ikilinganishwa na 8,789 ya mfukoni, ni zaidi kwa takriban asilimia 63, na bado hajaweka faida yake wala hajahesabu kwamba fedha zake zimekaa mwezi mzima bila kuzunguka.

Hesabu hiyo inategemea sharti moja zito: chumba kijae. Feni na mtambo wa baridi havijui kama vinahudumia mapande 20 au matano. Kwa mapande matano, kila moja hubeba faranga 60,000 za chumba, na gharama ya kilo moja hufika 20,000 hata kama hakuna lililotupwa. Hapa ndipo wazo la kukausha nyama katika mji mdogo hukwama, wala si kwenye ujuzi. Rusizi ina wageni wa hoteli wanaotazama ziwa, lakini mwenye bucha anahitaji walaji wa steki wa kila juma, mwezi baada ya mwezi.

Kwa mazingira hayo, njia inayoonekana kuwa na maana zaidi ni kupooza mzoga kwa siku moja au mbili ukiwa kwenye mifupa, kisha kuutenga mnofu wa mgongoni na kuupevusha mfukoni kwa siku 10 hadi 14, huku sehemu nyingine zikiuzwa kama kawaida. Sehemu kubwa ya ulaini hupatikana kwa kupoteza uzito mdogo sana. Nyama ya mchuzi, inayokwenda kwenye sufuria pamoja na ndizi au kuliwa kwa ugali na isombe, haihitaji zaidi ya kupoozwa.

Jokofu la nyumbani si chumba cha kukausha

Wapo watu ambao, baada ya kuona picha za nyama hizo, huweka steki moja juu ya sahani ndani ya jokofu lao kwa wiki mbili. Matokeo hukatisha tamaa. Steki nyembamba haina ganda la kutoa sadaka: ukikata sentimita moja kila upande, hakuna kinachobaki. Jokofu linalofunguliwa mara thelathini kwa siku halina baridi thabiti wala feni ya kutosha, na nyama hunyonya harufu ya vitunguu na samaki waliomo. Sambaza wa Kivu waliokaushwa juani wasimpotoshe mtu pia. Samaki hao hukaushwa hadi maji karibu yote yaondoke, hata bakteria wasipate pa kuishi. Nyama inayopevushwa hubaki mbichi na yenye maji ndani, na ulinzi wake mkubwa ni baridi.

Kugandisha nako si kupevusha. Ndani ya friza vimeng'enya karibu visimame kabisa, kwa hiyo nyama iliyogandishwa siku ya pili na kutolewa baada ya miezi miwili bado ni nyama ya siku ya pili, tena iliyopoteza majimaji zaidi wakati wa kuyeyuka. Anayetaka vyote viwili hupevusha kwanza, kisha hugandisha.

Umeme ukikatika, chumba kilichojaa na kufungwa vizuri hushikilia baridi kwa saa kadhaa, mradi mlango usifunguliwe kwa udadisi. Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu kilichofikiwa hugharimu kidogo na ndicho shahidi pekee asubuhi. Kikionesha kwamba baridi ilipanda juu ya nyuzi 4 kwa muda mfupi, mapande husogezwa mbele: hutolewa, hukatwa ganda na kuuzwa au kugandishwa mapema. Kikionesha joto la chumba cha kawaida kwa usiku mzima, idadi ya siku zilizokwisha tumika haimsaidii mwenye nyama kwa lolote.

Mnunuzi asiyeona chumba anaweza kutazama vitu vichache. Nyama iliyokaushwa kweli huwa nyekundu iliyokolea, haiachi dimbwi kwenye sahani, na ikibonyezwa huwa ngumu kidogo kuliko mbichi bila kunata. Kwenye kikaango haitoi maji yanayochemka. Huanza kukaangika mara moja, na huiva kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo mpishi aiondoe motoni mapema. Muuzaji anayeijua nyama yake atataja siku ilipoingia chumbani, na ukimwuliza ganda alilolikata lilikwenda wapi, atakuwa na jibu: jingine hutupwa, na mafuta safi yaliyobaki huyeyushwa ili kukaangia.